Nusu Kijiko cha Chumvi, Vijiko Sita vya Sukari

Mtoto anayeharisha hauawi na kuharisha kwenyewe. Kinachomuua ni maji na chumvi vinavyotoka mwilini bila kurudishwa. Ndiyo maana mama wa Mamboya, kwenye milima ya Ukaguru, mwenye maji safi, chumvi, sukari na kijiko sahihi ana kitu cha kufanya saa ileile ugonjwa unapoanza, kabla hata ya kufikiria bodaboda ya kwenda zahanati.

Dawa bora ni ile ya pakiti, ORS, ambayo wengi tunaiita chumvichumvi. Pakiti ya lita moja imetengenezwa kwa vipimo vya kiwandani, na ndani yake mna madini ambayo chumvi ya jikoni haina. Kama ipo nyumbani au duka la dawa liko jirani, tumia hiyo. Mwongozo huu ni wa siku ambayo pakiti haipatikani, na milima ya Ukaguru inazijua siku hizo. Januari 2014 mafuriko yalipokata barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma pale kwenye daraja la Dumila, magari yalisimama pande zote mbili na watu wa Magole wakahama nyumba zao. Mvua za namna hiyo hufanya mambo mawili kwa pamoja: huingiza uchafu wa vyooni kwenye visima na mito, na hufunga njia ya kufuata dawa. Watoto huanza kuharisha wakati uleule ambao pakiti haziwezi kufika.

Mchanganyiko wenyewe ni huu: lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na vijiko sita vya chai vya sukari. Vijiko vyote vifutwe juu viwe sawasawa, visiwe vya kurundika. Wengi wameshausikia kliniki au redioni. Shida iko kwenye kijiko chenyewe, kwenye lita yenyewe, na kwenye namna ya kumnywesha mtoto ambaye anatapika na hataki chochote.

Kwa nini sukari, na kwa nini chumvi iwe kidogo hivyo

Mtoto anayeharisha ukimpa maji matupu, utumbo wake hauyashiki vizuri, mengi hupita tu. Lakini kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna milango midogo inayopitisha sukari na chumvi kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, mlango haufunguki vizuri. Vikiwepo vyote kwa kiasi kinachofaa, huingia kwenye damu na maji huvifuata. Jambo kubwa ni kwamba milango hiyo huendelea kufanya kazi hata mtoto anapoharisha vibaya, hata kwa kipindupindu.

Hili lilithibitika mbele ya macho ya watu mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh. Daktari Dilip Mahalanabis alikuwa akihudumia wakimbizi wenye kipindupindu huko Bangaon, India, na dripu zikawa zinamwishia. Akaamua kuchanganya chumvi na glukosi kwenye maji na kuwaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo, ambavyo vilikuwa vikikaribia watu 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya wanne. Waliookoa watu pale walikuwa akina mama, akina baba na shangazi waliokaa chini na kikombe mkononi. Baadaye, kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC lilituma wanawake kwenda nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Bangladesh kuwafundisha akina mama mamilioni kutengeneza dawa hiyo kwa chumvi na sukari guru.

Sukari ikizidi, maji hayaingii mwilini. Yanavutwa kutoka mwilini kwenda tumboni na kuhara kunaongezeka. Ndiyo sababu soda na juisi za pakiti hazifai kwa kazi hii, hata kama mtoto anazipenda. Chumvi ikizidi ni hatari zaidi. Damu inajaa chumvi, mtoto anashikwa na kiu isiyoisha, anakosa utulivu, na anaweza kupata degedege. Vikipungua kidogo, dawa inakuwa dhaifu tu lakini haidhuru. Kwa hiyo ukiwa na wasiwasi juu ya chumvi, afadhali ipungue kuliko izidi.

Kijiko

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na si kwa uzembe. Ukiambiwa "kijiko" jikoni, unachukua kilicho karibu, na mara nyingi kilicho karibu ni kile cha kulia wali. Kijiko cha chai kinachokusudiwa hubeba mililita 5. Kijiko cha kulia hubeba karibu mililita 15, yaani mara tatu. Kijiko cha chai cha chumvi laini kilichofutwa kina takriban gramu 6, na nusu yake gramu 3, ambacho ndicho kiasi tunachotaka katika lita. Nusu ya kijiko cha kulia ni gramu 9. Mtu aliyefuata maelekezo vizuri kabisa, lakini kwa kijiko hicho, anakuwa amemtengenezea mtoto kinywaji chenye chumvi kuliko damu yake mwenyewe. Kijiko cha chai kilichorundikwa mlima nacho hufika huko huko.

Kipimo cha kuaminika kiko kwenye nyumba nyingi bila watu kukijali. Ni kile kijiko cha plastiki, au kikombe kidogo, kinachokuja na chupa ya dawa ya maji ya mtoto, dawa ya kikohozi au ya homa. Kimeandikwa 5 ml, na vingi vina mstari wa 2.5 ml, ambao ndio nusu kijiko chetu. Kioshe, kikaushe, ukiweke pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Kama hukioni, tafuta kijiko kidogo kuliko vyote ulivyo navyo, kile cha kukorogea chai. Kisha kipime: kijaze maji mara ishirini, ukimimina kwenye kikombe ambacho ujazo wake unaujua. Kijiko sahihi kitatoa mililita 100. Kikitoa mililita 150, ujue kinazidisha kwa nusu, na usikitumie kwa chumvi.

Kupima, chota chumvi ijae, halafu pitisha mgongo wa kisu au kijiti kilichonyooka juu ya kijiko ili iliyozidi iporomoke. Kwa nusu, igawe iliyobaki katikati kwa ncha ya kisu na uisukume nusu moja nje. Usikisie kwa macho kwa kuinamisha kijiko.

Chumvi iwe laini. Chumvi ya mawe ina nafasi tupu kati ya punje, kijiko kimoja hubeba kidogo na kingine zaidi. Kama ndiyo uliyo nayo, iponde kwenye kinu au juu ya jiwe safi mpaka iwe unga, ndipo upime. Chumvi yenye madini joto ni sawa kabisa. Sukari nayo iwe ya Kilombero au ya Mtibwa, nyeupe au ya kahawia, kazi ni ileile. Asali usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wa kichanga hauviwezi.

Kuna watu wanaofundisha kupima chumvi kwa kubana na vidole vitatu na sukari kwa konzi ya mkono. Bangladesh walifanya hivyo, lakini kila mama alifundishwa ana kwa ana, na mchanganyiko wake ukapimwa ili kuona kama mkono wake hauzidishi. Kama hakuna aliyekupimia mkono wako, tumia kijiko.

Lita

Lita nayo hupotea kirahisi. Jagi la nyumbani halijulikani ujazo wake, na kikombe cha plastiki cha kuchotea maji kinaweza kuwa nusu lita au zaidi. Chupa za maji ya kunywa ndizo rahisi, kwa kuwa zimeandikwa. Ukipata ya lita moja, kazi imekwisha. Ukiwa na ya nusu lita, ijaze mara mbili ndani ya sufuria safi. Ukiwa na ya lita moja na nusu, usiijaze. Pima kwanza lita moja kwa chupa ndogo, imimine ndani yake, halafu weka alama kwa kalamu ya wino mzito au kwa kufunga uzi pale maji yalipofikia. Alama hiyo itakutumikia mara zote.

Kosa ambalo wahudumu wa zahanati hukutana nalo ni mtu kutia pakiti ya lita nzima ndani ya chupa ya nusu lita, kwa sababu ndiyo chupa aliyokuwa nayo. Hapo dawa inakuwa kali mara mbili. Lingine ni kugawa pakiti, robo leo na robo kesho, ili isiishe. Unga ndani ya pakiti haujichanganyi sawasawa, hivyo robo moja inaweza kubeba chumvi nyingi na nyingine sukari tupu. Pakiti ikifunguliwa, inatiwa yote ndani ya lita moja. Inayobaki baada ya saa 24 inamwagwa, na inayofuata inafunguliwa upya.

Kuchanganya

Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maji mpaka yatokote vizuri, yafunike, yaache yapoe. Kama kuni ni shida au mtoto hawezi kusubiri, tumia maji yaliyotibiwa kwa kidonge cha kusafisha maji, ukifuata maandishi ya kwenye paketi yake. Na kama hakuna hata hicho, tumia maji safi kuliko yote uliyo nayo, ukiwa umeyachuja kwa kitambaa kisafi. Mtoto anayeishiwa maji asicheleweshwe kwa sababu ya kuni.

Tia chumvi kwanza kwenye lita ya maji yaliyopoa, koroga mpaka iyeyuke, halafu onja wewe mwenyewe. Isizidi chumvi ya machozi. Ikiwa kali kuliko machozi, mwaga uanze upya. Usiongeze maji kwa kukisia, maana hutajua tena umefikia wapi. Ikikubali ulimi, tia vijiko sita vya sukari, koroga, funika. Tunaonja kabla ya sukari kwa sababu utamu huficha chumvi, na ukionja mwisho unaweza kuridhika na dawa iliyozidi.

Ukishachanganya, usiichemshe tena. Maji yatapungua na chumvi itabaki. Iweke mahali pa baridi, ikiwa imefunikwa, na andika saa uliyoitengeneza. Kesho saa kama hiyo, iliyobaki imwagwe. Sukari ndani ya maji ni chakula cha vijidudu.

Anywe kiasi gani

Mtoto anayeharisha lakini bado anacheza, ana machozi akilia, na anakojoa kama kawaida, anapewa dawa kila baada ya choo cha majimaji. Aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 mpaka 100, yaani vijiko 10 mpaka 20 vya kile kipimo cha dawa, au robo mpaka nusu ya kikombe cha chai cha mililita 200. Wa miaka miwili mpaka kumi apewe mililita 100 mpaka 200, nusu kikombe mpaka kikombe kizima. Mkubwa zaidi ya hapo anywe kadiri anavyotaka. Hivi ni viwango vya chini. Mtoto anayeomba zaidi apewe zaidi.

Anayenyonya aendelee kunyonya, mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko siku zote. Aliye chini ya miezi sita na ananyonya tu, nguvu kubwa iwekwe kwenye ziwa, na chumvichumvi ya pakiti aipate zahanati. Kipimo cha nyumbani kikikosewa kidogo kwa mwili mdogo hivyo, madhara yake ni makubwa. Mtoto mchanga ambaye hajatimiza miezi miwili akiharisha, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo bila kujaribu lolote nyumbani zaidi ya kumnyonyesha.

Namna ya kunywesha ni muhimu kama kiasi chenyewe. Usimpe chupa ya kunyonya, ni vigumu kuisafisha na hufanya mtoto anywe kwa haraka. Mpakate akiwa ameinuka, mpe kijiko kimoja, subiri dakika moja au mbili, mpe kingine. Aliyezidi miaka miwili apige mafunda madogo kwenye kikombe. Akitapika, pumzika dakika kumi, kisha anza tena polepole zaidi, kijiko kila dakika mbili au tatu. Watu wengi huacha hapa. Wanaona dawa imetoka yote, wanasema mtoto hakubali. Lakini kwa kawaida kinachotoka ni kidogo kuliko kilichoingia, na tumbo lililopewa kijiko kimoja kimoja hutulia.

Nyumbani atakuwepo mtu mzima wa kusema, "Unavyomnywesha maji ndivyo anavyozidi kuhara." Anasema hivyo kwa kuwa ameona choo hakijakoma, na mara nyingi ni mtu aliyelea watoto wengi, hivyo neno lake lina uzito. Mjibu kwa heshima: "Bibi, hii si ya kufunga tumbo. Ni ya kumrudishia maji yanayotoka, ili asiishiwe wakati ugonjwa unamalizika wenyewe." Hiyo ndiyo kweli. Kuhara kunaweza kuendelea siku mbili, tatu, hata wiki, na dawa bado ikawa inafanya kazi yake kikamilifu. Angalia mtoto mwenyewe, si nepi: akikojoa, akiwa na machozi, mdomo ukiwa na mate, anaendelea vizuri. Kisha mwombe bibi ashike kijiko zamu inayofuata.

Mfano wa usiku mmoja

Tuseme mtoto ana mwaka mmoja na miezi miwili, na kadi ya kliniki inaonyesha kilo 9. Ameanza kuharisha saa kumi jioni, mvua inanyesha, na boda haziwezi kushuka mpaka asubuhi. Mama anatengeneza lita moja na kuandika saa. Kufikia saa sita usiku amepata choo cha majimaji mara tano. Kila mara anapewa vijiko 15 hivi, yaani mililita 75, kwa kusubiriana. Jumla ni mililita 375, zaidi kidogo ya theluthi ya ile lita, na katikati ananyonya. Akiendelea hivyo mpaka asubuhi, lita moja inatosha na kubaki.

Saa saba mambo yanabadilika. Amekuwa msumbufu, analia bila kutulia, macho yameingia ndani, na kijiko kikikaribia anakivamia kwa kiu. Mama anambana ngozi ya tumbo kwa kidole gumba na cha shahada, katikati ya kitovu na ubavu, anaivuta kidogo na kuiachia. Badala ya kurudi mara moja, inarudi polepole. Hizi ni dalili za kuanza kuishiwa maji, na sasa hesabu ya choo kwa choo haitoshi.

Wahudumu wa afya hutumia mililita 75 kwa kila kilo ya mtoto, zitolewe ndani ya saa nne. Kwa kilo 9 ni mililita 675. Mtoto huyu anahitaji pakiti na macho ya mhudumu, kwa hiyo kumtoa nyumbani ni lazima. Lakini kama njia imefungwa, asikae bila kitu mpaka kupambazuke. Kijiko cha mililita 5 kila dakika mbili ni mililita 150 kwa saa, 600 kwa saa nne. Kijiko kila dakika moja ni mara mbili yake. Kwa hiyo mama akienda kwa mwendo wa kati, mara kijiko kila dakika, mara kila dakika mbili, na kumnyonyesha kila anapotaka, atafikia kiwango. Si kazi ya mtu mmoja. Baba, shangazi na bibi wapokezane, maana saa nne za kijiko ni ndefu, na anayesinzia huanza kumimina kwa kikombe, mtoto akatapika.

Kope zikianza kuvimba, ni ishara kwamba amepata vya kutosha kwa sasa: simamisha dawa, endelea na ziwa na maji safi mpaka uvimbe uishe. Kukipambazuka aende, na chupa iende naye. Njiani aendelee kupewa. Mhudumu atataka kujua amehara mara ngapi, ametapika mara ngapi, amekojoa lini mara ya mwisho na amekunywa kiasi gani, kwa hiyo angalia chupa imeshuka mpaka wapi kabla hujatoka.

Usisubiri

Zipo hali ambazo mchanganyiko wa nyumbani hauziwezi, na kukaa nao ni kupoteza muda. Mtoto aliyelegea au asiyeamka vizuri, asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au ambaye ngozi yake ikivutwa inabaki imesimama zaidi ya sekunde mbili, huyo anahitaji dripu. Mpeleke kituo cha afya, au moja kwa moja hospitali kama ndiyo iliyo karibu. Kwa watu wa ukanda wa Mamboya, Hospitali ya Berega ya Kanisa la Anglikana ndiyo ambayo wengi wameikimbilia miaka yote. Kama bado anameza, endelea kumpa kijiko njiani. Kama hamezi au hana fahamu, usimtie kitu mdomoni, kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Damu kwenye choo ni sababu ya kwenda hata kama anacheza, kwa sababu huo unaweza kuwa ugonjwa wa kuhara damu, ambao unahitaji dawa nyingine. Homa kali pia. Na choo cheupe kama maji ya kuoshea mchele, kinachotoka kwa wingi, kiwe cha mtoto au mtu mzima, kichukulie kuwa kipindupindu: anza kunywesha papo hapo, ondokeni, na mpe taarifa mwenyekiti wa kitongoji au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwani majirani wanaochota kisima kimoja nanyi wako hatarini.

Usimpe mtoto dawa za dukani za kufunga kuhara. Zinaweza kuutuliza utumbo huku uchafu na maji vikibaki ndani, na kwa mtoto mdogo zina hatari zake. Antibiotiki nazo haziandikwi kwa kila kuhara, mhudumu ndiye ataamua.

Chakula na zinki

Asinyimwe chakula. Akitulia kidogo, baada ya ile kazi ya saa nne au mapema zaidi kama hakuishiwa maji, apewe uji, ugali laini na mboga, viazi vilivyopondwa, kidogo kidogo lakini mara nyingi. Ndizi mbivu iliyopondwa ina faida ya pekee hapa: inarudisha potasiamu, madini yaliyomo kwenye pakiti lakini hayapo kwenye chumvi na sukari yetu. Madafu yakipatikana yana potasiamu pia, lakini chumvi yake ni ndogo, hivyo yasichukue nafasi ya dawa. Nyumba isiyo na sukari usiku huo inaweza kupika uji mwepesi wa mahindi au mchele wenye chumvi kidogo sana, wa kunyweka, na kumnywesha mtoto aliyezidi miezi sita kwa mtindo uleule wa kijiko. Wanga wa nafaka huvunjika tumboni ukawa sukari, na kazi inakwenda. Baada ya ugonjwa, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili ili arudishe uzito.

Ukifika zahanati, omba vidonge vya zinki pamoja na chumvichumvi. Ni vya miligramu 20. Mtoto wa miezi sita na kuendelea hupewa kidonge kizima kwa siku, aliye chini ya hapo nusu, kwa siku 10 mpaka 14. Kidonge kinawekwa kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama, kinayeyuka chenyewe, na mtoto anameza. Kuhara kukikoma siku ya tatu, usiviache. Malizia siku zote ulizoandikiwa, kwa kuwa zinki inayomaliza siku zake hupunguza uwezekano wa kuhara tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata. Na kama siku 14 zimetimia choo bado ni cha maji, mrudishe akapimwe uzito na kuchunguzwa upya.

Siku hiyohiyo uliyopo zahanati, kabla ya masika, omba pakiti mbili za ziada. Zifunge kwenye mfuko mkavu wa plastiki pamoja na kile kijiko cha 5 ml, na uning'inize juu mahali ambapo panya na unyevu havifiki. Ukikuta unga umeganda kuwa jiwe au umegeuka rangi ya kahawia, usiutumie. Badilisha.